Nyama iliyoyeyuka: Lini yaweza kurudishwa kwenye friza, na lini ni ya kutupwa

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, mwendo wa saa nne kasorobo, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Mombasa nayo ilikuwa gizani. Baadhi ya sehemu za nchi zilikaa bila umeme hadi siku ya pili. Watu walipofungua friza zao walikuta maji chini ya droo na vifurushi vya nyama vilivyokuwa vimeanza kulainika. Swali likawa moja katika kila jiko: nyama hii tuigandishe tena, tuipike yote leo, au tuitupe?

Swali hilo halingoji nchi nzima ikose stima. Huulizwa pia wakati wa Idd el Adha, nyama ya kuchinja na ya kugawiwa inapojaa nyumbani kwa siku moja. Huulizwa mgeni anapoghairi safari na kuku ameshatolewa kwenye friza. Katika ghorofa za Buxton, sawa na katika nyumba za Mji wa Kale, familia nyingi hununua nyama ya wiki nzima Marikiti au kwenye bucha ya mtaani, huigandisha, kisha huitoa kidogokidogo.

Wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba nyama iliyoyeyuka hairudi kwenye friza kamwe. Wengine huirudisha bila kufikiri, mradi hainuki. Pande zote mbili zinakosea. Nyama iliyoyeyuka inaweza kugandishwa tena bila madhara, lakini kwa sharti moja: iwe ilibaki baridi muda wote ilipokuwa ikiyeyuka. Cha kuuliza basi ni mahali nyama ilipoyeyukia, ilipata joto kiasi gani, na kwa muda gani.

Barafu haiui, inasimamisha tu

Nyama mbichi yoyote, hata ile nyekundu safi yenye muhuri wa mkaguzi, ina bakteria. Wamo wasio na madhara, na wamo wanaosababisha maradhi, kama salmonela. Friza ya nyumbani inayofanya kazi vizuri hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri. Katika baridi hiyo bakteria hawakui wala hawazaani, lakini wengi wao hawafi. Ni kama wamelala. Barafu ikiyeyuka, huamka na kuendelea walipoachia.

Wanavyoendelea kunategemea joto. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kinachoharibika upesi kiwekwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au, kikishapikwa na kungoja kuliwa, kiwe moto zaidi ya nyuzi 60. Kati ya hapo ndipo penye hatari. Ndani ya friji iliyo kwenye nyuzi 4, bakteria wengi wa maradhi huenda polepole sana. Kwenye joto la chumba, baadhi yao wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi.

Hesabu yake ni nyepesi. Bakteria 1,000 wakiongezeka maradufu kila dakika 20, baada ya saa moja ni 8,000. Baada ya saa mbili ni 64,000. Baada ya saa nne wamepita milioni 4. Ukiirudisha nyama hiyo kwenye friza, hao milioni 4 hawaondoki. Wanalala pamoja nayo, na siku utakapoitoa tena, hesabu itaanzia milioni 4, si 1,000. Hii ndiyo sababu ya kuogopa kugandisha mara ya pili. Kosa haliko kwenye barafu yenyewe, liko kwenye saa za joto zilizopita kati ya barafu ya kwanza na ya pili.

Beseni kwenye sinki

Njia iliyozoeleka zaidi ya kuyeyusha nyama ni kuiweka kwenye beseni au juu ya meza ya jikoni asubuhi, mtu akaenda zake, na kurudi mchana kuipika. Nyama iliyoyeyuka hivyo haifai kurudishwa kwenye friza.

Pande la nyama haliyeyuki lote kwa wakati mmoja. Huanza nje. Ndani kunaweza kuwa bado kugumu kama jiwe, huku nje kumeshafikia joto la chumba tangu saa nyingi. Na katika pande zima la nyama, bakteria wengi wako nje, pale kisu, mikono na ubao vilipogusa. Kwa hiyo anayebonyeza nyama ya kwenye beseni, akakuta katikati bado kuna barafu na kusema iko salama, anapima sehemu ambayo haina tatizo na kuiacha yenye tatizo.

Nyama ya kusaga ni mbaya zaidi. Mashine ya kusaga huchukua kilichokuwa nje na kukichanganya na cha ndani, hivyo bakteria wamo kila mahali. Kuku na vitu vya ndani, kama maini na matumbo, navyo havivumilii uzembe.

Kanuni ya kawaida ni kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ushauri wake kuhusu nyama hutumiwa sana, hupunguza muda huo uwe saa moja tu mahali ambapo joto limepita nyuzi 32. Mkaazi wa kisiwa cha Mombasa anajua jiko linavyokuwa mchana wa Februari au Machi. Kwa miezi hiyo, saa moja ndiyo kanuni. Na saa huhesabiwa kwa jumla: dakika 40 za kutoka sokoni juani na dakika 30 za kukaa kwenye meza ya jikoni ni zaidi ya saa moja.

Iliyoyeyukia kwenye friji

Hali ambayo haina ubishi mwingi ni nyama iliyotolewa kwenye friza na kuyeyushwa ndani ya friji, stima ikiwepo, friji ikiwa kwenye nyuzi 4 au chini yake. Nje na ndani ya nyama hiyo hakujapata joto la hatari hata dakika moja. Mipango ikibadilika, inaweza kurudishwa kwenye friza ikiwa mbichi.

Njia hii inahitaji kupanga mapema, kwa sababu kilo 2 za nyama huchukua kama siku nzima kuyeyuka ndani ya friji. Nyama huwekwa kwenye bakuli au sahani yenye kina, kwenye rafu ya chini kabisa, ili maji yake mekundu yasidondokee kachumbari, matunda au wali uliopikwa.

Muda nao una mwisho. Kuku, nyama ya kusaga, samaki na vitu vya ndani vikishayeyuka kwenye friji, vipikwe au vigandishwe tena ndani ya siku moja au mbili. Mapande ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yanaweza kukaa siku 3 hadi 5. Ni vyema uamuzi ufanywe siku ya kwanza, kwa sababu siku hizo hazirudi upya kila mara nyama inapogandishwa. Nyama iliyokaa friji siku 2 kabla ya kugandishwa tena imeshatumia siku 2 za uhai wake.

Nyama iliyoyeyushwa kwenye maji baridi au kwenye maikrowevu iko katika kundi jingine. Sehemu zake za nje huenda zimepata joto kidogo, hata kama haraka. Hiyo ipikwe kwanza mara moja, ndipo igandishwe ikiwa imeiva.

Ikumbukwe kuwa si kila nchi hutoa ushauri ule ule. Idara ya Marekani huruhusu kugandisha tena nyama mbichi iliyoyeyukia kwenye friji. Shirika la Viwango vya Chakula la Uingereza hushauri nyama mbichi iliyoyeyuka isigandishwe tena mpaka ipikwe kwanza. Ushauri huu wa pili ni wa tahadhari zaidi, na unamfaa yeyote asiye na uhakika na baridi ya friji yake. Zote mbili zinakubaliana kuhusu jambo lililo kubwa: iliyoyeyukia kwenye joto la chumba hairudi.

Stima ikipotea

Stima ikikatika, jambo la kwanza ni kuacha milango imefungwa. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi yake kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa inaweza kuhifadhi baridi kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24, kwa sababu vitu vilivyoganda hupoozana vyenyewe. Takwimu hizi zinahusu friza isiyofunguliwa na yenye mpira wa mlango usiovuja. Katika jiko lenye joto la pwani, au friza ikiwa nzee, muda huwa mfupi zaidi.

Wenye friji za mlango mmoja, zile zenye kisanduku kidogo cha barafu juu, wasitumie hesabu ya saa 24. Kisanduku hicho ni kidogo, kina ukuta mwembamba, na hupoteza baridi haraka.

Kama hakuna mtu nyumbani, kuna njia rahisi ya kujua kilichotokea. Gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu juu ya barafu na uache kikombe ndani ya friza siku zote. Ukirudi kutoka safari na sarafu iko pale pale juu, friza haikuyeyuka. Ikiwa iko chini ya kikombe, chini ya barafu, maji yote yaliyeyuka kisha yakaganda tena, na nyama iliyo humo haina ushahidi wa kuitetea. Kipimajoto kidogo cha friji ni bora zaidi, kwa kuwa kinatoa namba.

Jiko moja, vifurushi vitatu

Chukua mfano wa familia moja ya Buxton katika usiku kama ule wa Agosti 2023. Stima inapotea saa nne kasorobo usiku na kurudi siku ya pili saa tisa alasiri. Hizo ni saa 17 na robo. Friza yao imejaa nusu, na mama mwenye nyumba amewakataza watoto kuifungua. Stima inaporudi anafungua na kukagua kifurushi kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kilo 2 za nyama ya ng'ombe yenye mifupa, chini kabisa ya friza. Nje imelainika kidogo, lakini imejaa chembechembe za barafu, na kipimajoto kikiwekwa kati ya vifurushi kinasoma nyuzi 1. Hii inarudi kwenye barafu bila wasiwasi. Hapa chembechembe za barafu ni ushahidi wa kweli, tofauti na kwenye beseni, kwa sababu hewa iliyoizunguka nyama ilikuwa baridi wakati wote. Nje ya nyama haikupata nafasi ya kupata joto.

Cha pili ni nusu kilo ya nyama ya kusaga, iliyokuwa juu kabisa karibu na mlango. Haina barafu hata kidogo. Kipimajoto kinasoma nyuzi 9. Hakuna ajuaye ilipita nyuzi 4 saa ngapi. Inaweza kuwa nusu saa iliyopita, inaweza kuwa alfajiri. Hii inatupwa. Lau ingesoma nyuzi 3, ingeweza kupikwa pale pale au kugandishwa tena. Asiye na kipimajoto, akikuta nyama laini isiyo na barafu, ahesabu kuwa imepita.

Cha tatu ndicho kinachouma. Ni kuku mzima aliyehamishwa kutoka friza hadi friji jioni ya Ijumaa, tayari kwa mlo wa mchana wa Jumamosi. Alifanyiwa kila kitu inavyotakiwa. Lakini friji ilikaa bila stima saa 17, na baridi yake huisha baada ya saa 4 hivi. Kuku huyo hawezi kugandishwa tena, wala kupikwa. Angeokolewa tu kama mtu angemhamishia kwenye friza, katikati ya vifurushi vilivyoganda, dakika za kwanza baada ya stima kupotea, kwa kufungua mlango mara moja na kuufunga.

"Nitaichemsha sana"

Nyama ni ghali, na kuitupa kunauma. Hapo ndipo hoja mbili hujitokeza jikoni.

Ya kwanza ni kuinusa. Harufu mbaya ni sababu tosha ya kutupa, lakini harufu nzuri si sababu ya kula. Bakteria wanaonukisha nyama si lazima wawe ndio wanaougua nao watu. Salmonela inaweza kuwa nyingi ndani ya kuku asiyenuka, asiyebadilika rangi na asiyeteleza. Wala isionjwe ili kujaribu.

Ya pili ni kuichemsha mpaka ife. Ni kweli kwamba nyama iliyofikia nyuzi 70 katikati yake huua bakteria karibu wote wa maradhi. Lakini baadhi ya bakteria, wakikaa saa nyingi kwenye joto, huacha sumu ndani ya chakula. Wako wanaotoka kwenye ngozi na pua za watu, waitwao stafilokoki, ambao sumu yao huvumilia kuchemshwa. Mchuzi utatokota saa nzima, bakteria watakufa, sumu itabaki. Anayeila anaweza kuanza kutapika baada ya saa chache tu. Kwa jodari na samaki wa jamii yake kuna jambo linalofanana: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo moto haiondoi wala barafu haiondoi.

Kupika, basi, ni njia ya kuhifadhi nyama ambayo bado ni nzima. Nyama iliyolala joto haikombolewi kwa sufuria. Isipewe jirani kama sadaka, wala isimwagiwe paka wa mtaa. Ifungwe vizuri ndani ya mfuko na itupwe kwenye taka.

Ile iliyo nzima ikipikwa, mchuzi usiachwe kwenye sufuria kubwa usiku kucha. Ugawanywe kwenye vyombo vifupi ili upoe upesi, na ndani ya saa mbili uwe umeingia friji au friza. Siku ya kuliwa, upashwe moto mpaka utoke mvuke kote.

Ladha, na namna ya kugandisha

Hata nyama iliyo salama hulipa gharama kila inapoganda. Maji yaliyo ndani yake hugeuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa nyuzi za nyama. Ikiyeyuka, maji hayo hutoka yakiwa mekundu. Wengi hudhani ni damu, lakini ni maji ya nyama yenye rangi yake. Mara ya pili hutoka mengi zaidi, na nyama huwa kavu na yenye kamba. Kwa hiyo iliyogandishwa mara mbili haitamfaa mpishi wa mishkaki. Itafaa kwa mchuzi, pilau au supu, ambako unyevu unatoka kwenye sufuria.

Baridi ikiingia haraka, vipande vya barafu huwa vidogo na madhara hupungua. Ndiyo sababu vifurushi vinafaa kuwa bapa, vya nusu kilo au kilo moja, visivyo na hewa ndani. Stima inaporudi na kila kitu kimelainika, vitawanywe ndani ya friza vikigusa kuta zake, visirundikwe kimoja juu ya kingine. Rundo linaweza kuchukua muda mrefu kuganda katikati.

Vifurushi vidogo vina faida nyingine kubwa kuliko ladha. Familia iliyogawa kilo 8 za nyama ya Idd katika vifurushi vinane vilivyoandikwa tarehe hutoa kimoja, hukipika, na kumaliza. Iliyogandisha kilo 8 katika pande moja hulazimika kuliyeyusha lote ili ikate robo, na swali la kugandisha tena hurudi kila mara.

Anayenunua nyama afaa pia kumuuliza mwenye bucha kama imewahi kugandishwa. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, leseni na usimamizi wa biashara zinazouzia umma chakula ni kazi ya kaunti. Kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu ni kosa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Mkaazi anayetilia shaka nyama aliyouziwa asiipike. Aihifadhi kwenye baridi pamoja na risiti, kama anayo, na amjulishe afisa wa afya ya umma wa wadi au kaunti ndogo yake.